Mkono ulioanguka: jinsi ya kupanga uhamishaji wa kano na kuchagua msuli wa kuhamisha

Swali huwa linakuja jioni, pamoja na picha ya mkono unaoning'inia: "Daktari, huyu neva ya radiali haijarudi. Nichukue msuli gani?" Nimelijibu mara nyingi kiasi kwamba nimeona niliandike mara moja. Jibu fupi ni kwamba hilo ni swali la tano. Kuna manne kabla yake, na aliyeyaruka atagundua akiwa tayari amekata.

Mwongozo huu ni wako wewe unayejifunza upasuaji wa mifupa, na wewe wa fiziotherapia utakayebaki na mgonjwa baada ya sisi kuvua glavu. Nimechagua mkono ulioanguka baada ya mfupa wa humerasi kuvunjika, kwa kuwa ndio tunaouona sana tangu bodaboda zijae barabarani, na kwa kuwa kanuni zote za kuhamisha kano zinaonekana humo. Karibu mgonjwa 1 kati ya 8 waliovunjika katikati ya humerasi hupata pia jeraha la neva hiyo. Wengi hupona wenyewe. Tunaongea juu ya waliobaki. Polio ina mambo yake, nayo nimeyaweka kuelekea mwisho.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Picha ya eksirei inayoonyesha mfupa umeshaunga. Kano haihamishwi juu ya mfupa unaocheza.
- Kipimapembe cha viungo, futi ya kamba, na mashine ya presha ya kawaida yenye mkanda wa mkononi.
- Karatasi ya nguvu za misuli, daraja 0 hadi 5. Daraja 3 linainua dhidi ya uzito wake tu, 4 linashinda ukinzani kiasi, 5 ni nguvu kamili.
- Mtu wa fiziotherapia aliyekubali kumfuatilia mgonjwa kwa miezi 3 baada ya upasuaji. Kama huna, usipange tarehe ya thieta.
- Maelezo ya kazi ya mgonjwa, kwa undani. "Fundi" haitoshi. Fundi wa nini, na mkono huu unashika nini?

Mgonjwa nitakayemtumia kama mfano ni seremala wa miaka 34, anayetumia mkono wa kulia. Alianguka na pikipiki, humerasi ikavunjika, akawekewa chuma, na mfupa ukaunga vizuri. Miezi 14 baadaye mkono wa kulia bado unaning'inia. Alikuja ameufunga kitambaa cha kitenge kwenye kifundo, na kipande cha mbao kimefichwa ndani. Alikuwa amejitengenezea gango lake mwenyewe, na lilikuwa zuri kuliko baadhi ya yale tunayotoa sisi.

Hatua ya 1: Hakikisha neva haitarudi

Neva ikiota upya huenda takribani milimita 1 kwa siku. Chukua futi, pima kutoka mahali mfupa ulipovunjika hadi kwenye msuli wa kwanza unaotegemea kuamka, kisha ongeza mwezi mmoja. Kwa neva ya radiali msuli huo ni brakioradialisi, ule unaojaa upande wa kidole gumba, karibu na kiwiko, ukikunja mkono gumba likiwa juu. Kama umbali ni sentimita 12, hiyo ni siku 120 na mwezi mmoja juu yake, yaani kama miezi 5. Mgonjwa wa mwezi wa pili asiye na dalili yoyote hajachelewa. Yule ambaye miezi 6 imepita na brakioradialisi bado kimya, neva yake inafaa kutazamwa na mtu anayejua kuishona, wala si kusubiri tu kliniki hadi kliniki.

Ukishapita mwaka, kushona neva ili kuamsha misuli kunazidi kukosa maana, kwa sababu msuli uliokaa bila neva kwa miezi 12 hadi 18 hauipokei tena. Kuhamisha kano hakuna saa hiyo. Kunaweza kufanyika hata baada ya miaka 10, kwa kuwa msuli unaohamishwa ni mzima.

Hapa ndipo wanaoanza wanapodanganywa, na mkono una njia tatu za kuwadanganya.

Ya kwanza: unamwambia mgonjwa anyooshe vidole, navyo vinanyooka kwenye viungo vya kati na vya ncha. Unaandika "anapona". Hapana. Viungo hivyo hunyooshwa na misuli midogo ya kiganjani, ya neva ya alna na mediani. Kazi ya neva ya radiali ni kuinua vidole kwenye konzi, pale vinapoanzia. Shika kifundo kikae sawa, kisha tazama konzi.

Ya pili: mgonjwa anakunja kifundo kuelekea kiganjani na vidole vinafunguka vyenyewe. Hizo ni kano zilizovutwa tu, kama kamba ya pazia; msuli haujafanya kazi yoyote. Ukizuia kifundo, mchezo unaisha.

Ya tatu ni kidole gumba. Ncha yake inaweza kunyooshwa na misuli ya kwenye shina la gumba. Mwambie alaze kiganja juu ya meza, kisha ainue gumba peke yake kutoka mezani. Akishindwa, neva haijafika huko.

Seremala wetu: miezi 14, brakioradialisi 0, konzi 0, gumba haliachi meza. Neva haitarudi.

Hatua ya 2: Lainisha viungo kwanza

Kano iliyohamishwa haiwezi kufungua kiungo kilichoganda. Kiungo ambacho wewe kwa mkono wako hukisogezi, usitegemee msuli uliopungua nguvu ukisogeze. Hii ndiyo kanuni inayovunjwa zaidi ya zote, kwa sababu mgonjwa ametoka mbali, ameshauza mbuzi, na wewe unaona aibu kumrudisha.

Pima kila kiungo ukikisogeza wewe: kifundo, konzi zote, viungo vya kati, na nafasi kati ya gumba na kidole cha shahada. Angalia pia ngozi na kovu kwenye njia ambayo kano itapita. Kano hutaka mafuta laini ya chini ya ngozi. Ukiipitisha kwenye kovu gumu itanasa.

Seremala alikuwa na nyuzi 20 tu za kifundo kuelekea juu, hata nilipokisukuma mimi. Kile kigango chake cha mbao kilikuwa kimemnusuru asigande kabisa, lakini kilikuwa kimenyooka tu, hakikuinua. Tulimwekea gango la plasta linaloinua kifundo, tukalibadilisha kila wiki na kuongeza kidogo kidogo, na mchana alilivua mara kadhaa kufanya mazoezi. Ilichukua wiki 6 kufika nyuzi 55. Ndipo tulipoanza kuongea juu ya upasuaji.

Hatua ya 3: Andika daftari la madeni

Chukua karatasi, igawe sehemu tatu: kilichopotea, kilichopo, kitakachobaki. Usianze na misuli. Anza na kazi.

Kwa neva ya radiali iliyokufa katikati ya mkono wa juu, kilichopotea ni vitu vitatu: kuinua kifundo, kuinua vidole kwenye konzi, na kulitoa gumba nje na kulinyoosha. Kunyoosha kiwiko mara nyingi kumebaki, kwa sababu matawi ya neva yanayokwenda kwenye msuli wa kunyoosha kiwiko hutoka juu zaidi.

Kati ya hayo matatu, la kwanza ndilo mama yao. Jaribu sasa hivi: kunja kifundo chako kabisa kuelekea kiganjani, kisha kaza ngumi. Unaona ilivyo dhaifu? Inua kifundo, kaza tena. Mgonjwa wa radiali analalamika hawezi kushika, na misuli ya kushika yote ni mizima. Kinachokosekana ni kifundo cha kuikazia. Mimi huwa nampimia mgonjwa kwa mashine ya presha: nauviringisha ule mkanda, naupuliza hadi 20, namwambia auminye. Seremala alifikisha 60. Nilipomshikia kifundo juu kwa mkono wangu, akafikisha 150. Mwonyeshe mgonjwa tofauti hiyo. Inamweleza upasuaji kuliko maneno yako.

Kisha andika kilichopo, ukipima msuli mmoja mmoja huku ukiugusa kwa kidole:

| Msuli | Kazi yake | Seremala |
|---|---|---|
| Pronata teresi | kugeuza kiganja kitazame chini | 5 |
| Fleksa kapi radialisi | kukunja kifundo, upande wa gumba | 5 |
| Fleksa kapi alnarisi | kukunja kifundo, upande wa kidole kidogo | 5 |
| Palmarisi longasi | kukunja kifundo kidogo tu | ipo |
| Fleksa za juu za vidole | kukunja viungo vya kati | 5 zote |

Palmarisi longasi usiikisie, kwa sababu kuna watu waliozaliwa bila hiyo. Mgonjwa agusishe gumba na kidole kidogo, kisha akunje kifundo. Ikiwepo utaiona imesimama kama uzi katikati ya kifundo. Weka alama kwa kalamu.

Hatua ya 4: Pitisha kila msuli kwenye maswali matano

Hapa ndipo unapochagua. Kila msuli unaotaka kuuhamisha uulize haya, kwa mfuatano huu.

*Una nguvu za kutosha?* Msuli ukihamishwa hupoteza karibu daraja moja. Wa 5 utakuwa 4, wa 4 utakuwa 3, na wa 3 hautafanya lolote la maana. Kwa hiyo 5, au 4 nzuri, chini ya hapo acha.

*Unavuta umbali wa kutosha?* Kariri 3, 5, 7. Misuli ya kifundo husogeza kano kama milimita 33, ya kunyoosha vidole 50, ya kukunja vidole 70. Ukichukua msuli wa kifundo ukaupa kazi ya kunyoosha vidole, umepungukiwa milimita 17 au zaidi. Zinapatikana wapi? Kwenye kifundo chenyewe: mgonjwa akikikunja kidogo, kano huvutwa na kuongezewa kama milimita 25. Ndiyo maana kifundo lazima kibaki kinacheza, na ndiyo maana mgonjwa aliyeunganishwa mifupa ya kifundo amepoteza akiba hiyo.

*Unafanya kazi wakati mmoja na ule unaouziba?* Fungua ngumi yako taratibu na utazame kifundo: kinashuka. Kaza ngumi: kinapanda. Misuli ya kukunja kifundo na ya kunyoosha vidole ni marafiki tangu utotoni. Ukihamisha mmoja ukafanye kazi ya mwenzake, ubongo hauhitaji kufundishwa sana.

*Njia yake ni moja kwa moja?* Kano inayopinda kona hupoteza nguvu na kunasa. Chora mstari kwenye ngozi.

*Ukiutoa, mgonjwa anabaki na nini?* Hili ndilo swali ambalo kitabu hakiwezi kukujibia, kwa sababu jibu liko kwenye kazi ya mgonjwa.

Nikiri jambo. Miaka yangu ya mwanzo nilimhamishia fundi mwashi ile fleksa kapi alnarisi kwenda kwenye vidole. Ni njia ya zamani inayojulikana, na msuli wenyewe ni mnene, unavutia macho. Vidole vilifunguka vizuri, nikapiga picha. Baada ya miezi akarudi na nyundo yake. Alinionyesha: akiinua nyundo sawa, akiishusha mkono unakwenda kombo kuelekea upande wa gumba, pigo halina uzito. Kupiga nyundo, kukata kwa panga, kutwanga, yote ni mwendo wa kifundo kutoka juu upande wa gumba kushuka upande wa kidole kidogo, na msuli nilioutoa ndio unaoshusha. Nilikuwa nimempa vidole nikamnyang'anya kazi.

Tangu hapo, kwa mtu wa jembe, panga, nyundo au mchi, alnarisi siigusi. Nachukua fleksa kapi radialisi. Ni nyembamba zaidi, inatosha, na inaacha alnarisi mahali pake.

Hatua ya 5: Sasa chagua

Kwa seremala wetu daftari lilifunga hivi.

Kifundo: pronata teresi kwenda kwenye ekstensa kapi radialisi brevisi. Kwa nini brevisi, si ndugu yake longasi? Brevisi imeshikia mfupa wa kidole cha kati, inainua kifundo sawasawa. Longasi imeshikia upande wa shahada, itauvuta mkono kuelekea gumba.

Vidole: fleksa kapi radialisi kwenda kwenye kano nne za ekstensa ya vidole.

Gumba: palmarisi longasi kwenda kwenye ekstensa ndefu ya gumba, ambayo unaitoa kwenye mfereji wake wa nyuma ya kifundo na kuileta upande wa mbele. Kwa njia hiyo inanyoosha gumba na kulitoa nje kwa mvuto mmoja.

Kitakachobaki: alnarisi ya kukunja kifundo na kushusha nyundo. Kugeuza kiganja chini bado kunafanywa na msuli mwingine mdogo ulio karibu na kifundo, pronata kwadratasi, na pronata teresi yenyewe inaendelea kugeuza hata baada ya kuhamishwa.

Angalia: kila kazi imepewa msuli mmoja. Usijaribu kubana matumizi kwa kuupa msuli mmoja kifundo na vidole pamoja. Utavuta kile kilicholegea zaidi na kingine kitabaki kimelala.

Onyo: usichukue radialisi, alnarisi na palmarisi zote tatu kwa mgonjwa mmoja. Mmoja wa kukunja kifundo lazima abaki. Bila huyo mkono utapanda na hautashuka, na ile akiba ya milimita 25 imekwenda.

Onyo la pili: kama mgonjwa anaweza kuinua kifundo lakini kinaelekea upande wa gumba, na vidole havinyooki, jeraha liko chini ya kiwiko, kwenye tawi la nyuma tu. Kifundo hakihitaji msuli. Na kwa huyo alnarisi usiiguse hata kama ni karani, kwa sababu ndiyo pekee inayouzuia mkono usiende kombo moja kwa moja.

Hatua ya 6: Mambo matatu ya thieta

Namna ya kukata utaijifunza kwa kusimama na mkubwa wako. Mimi nataja pale mpango unapoharibikia.

Kano ya pronata ni fupi mno. Ukiikata pale inapoishia mfupani hutakuwa na cha kushonea. Iondoe pamoja na ukanda wa gamba la mfupa, sentimita 5 hivi kuendelea chini, polepole, bila kuuchana.

Mshono uwe wa kusuka: kano moja ipenye ndani ya nyingine mara tatu, kila tundu likiwa pembe mraba na lililotangulia. Mshono wa kugusanisha ncha kwa ncha utaachia.

La tatu ni ukazaji, nalo ndilo sanaa yenyewe. Shona kifundo kwanza, kikiwa kimeinuliwa kama nyuzi 45 na pronata imevutwa. Kisha vidole, kifundo kikiwa sawa na konzi zimenyooka. Anza na shahada, umalizie na kidole kidogo, uhakikishe vinne vinasimama mstari mmoja. Baada ya mshono wa kwanza wa kila kano, jipime: kunja kifundo nyuzi 20 au 30, konzi zinyooke zenyewe. Inua kifundo nyuzi 30, uweze kuvikunja vidole kwa mkono wako vikagusa kiganja. La kwanza likishindikana umelegeza, la pili likishindikana umekaza mno. Ukibaki na shaka, kaza kidogo zaidi badala ya kulegeza, kwa sababu kano hulegea na siku wala haijikazi.

Hatua ya 7: Baada ya upasuaji

Wiki 4 za plasta, hogo kama wanavyosema wagonjwa, kupita kiwiko. Kiwiko kimekunjwa nyuzi 90, kiganja kimetazama chini kiasi, kifundo kimeinuliwa, konzi zimekunjwa kidogo tu, gumba nje. Viungo vya kati na vya ncha viachwe huru, vichezwe tangu siku ya kwanza.

Wiki ya 5, gango la kuvua, na masomo yanaanza. Mwambie mgonjwa: "Geuza kiganja chini, na hapo hapo inua mkono." Pronata inajua kugeuza, unaupachika mwendo mpya juu ya ule wa zamani. Kwa vidole: "Jaribu kukunja kifundo, huku unafungua vidole." Dakika chache, mara nyingi kwa siku, na aache akichoka. Kazi ya nguvu kidogo kidogo kuanzia wiki ya 8. Nyundo, ndoo na panga zisubiri wiki ya 12.

Seremala aliporudi miezi 6 baada ya upasuaji aliinua kifundo nyuzi 35, akafungua vidole akishika randa, na mkanda wa presha ukafika 170. Hakuweza kuinua kifundo na kunyoosha vidole vyote kikamilifu kwa wakati mmoja. Nilimwambia hivyo kabla ya upasuaji, na wewe mwambie wako. Zile milimita 17 hazijatoka popote, zimeazimwa kwenye kifundo.

Kama tatizo ni polio

Hatua ni zilezile, ila mambo manne yanabadilika. Wagonjwa hawa sasa wengi ni watu wazima. Kanda ya Afrika ilitangazwa kuwa huru na virusi asili vya polio Agosti 2020.

Kwanza ni muda. Misuli inaweza kuendelea kurudi hadi miaka 2 baada ya homa ya mwanzo, kwa hiyo usihamishe kitu kabla ya hapo. Mtoto chini ya miaka 5 pia msubiri, kwa sababu hawezi kufuata mazoezi.

Pili, usiuamini sana msuli uliowahi kupooza ukarudi. Unaweza kupima 4 kitandani na ukachoka baada ya hatua kumi. Mpime, mtembeze uwanja mzima, mpime tena. Ukiwa na msuli mwingine ambao haukuguswa, chukua huo.

Tatu, msuli wenye nguvu usio na mpinzani unapindisha mguu mwaka hadi mwaka, hasa kwa mtoto anayekua. Kuuhamisha kunafanya kazi mbili: unakwenda kusaidia upande uliopooza, na unaacha kupindisha. Upasuaji unaweza kuwa na faida hata kama mguu haukuinuka sana. Ila ukishautoa, angalia mguu usianze kupinda upande wa pili.

Nne, usitibu kiungo kimoja. Mgonjwa aliyepooza msuli wa mbele ya paja mara nyingi hutembea kwa wayo uliochongoka kuelekea chini, na huo uchongo ndio unaolisukuma goti nyuma lisikunjike. Utamwona pia akiegemeza kiganja juu ya paja kila anapokanyaga. Ukirefusha kano ya kisigino ili wayo ulale vizuri, goti litamwangusha. Alikuja anatembea kwa kuchechemea, atarudi kwa magongo. Na kama tayari anatumia magongo, mikono yake ni miguu: kabla ya kuazima msuli wowote wa kifundo au kiwiko, mtazame akipanda ngazi nayo.

Kitu kikienda kombo

*Wiki ya 6 na kano haifanyi kazi.* Weka kidole juu ya tumbo la msuli, mwambie afanye kazi yake ya zamani. Msuli ukikaza na kiungo kikatikisika hata kidogo, tatizo ni kujifunza, endelea. Msuli ukikaza na hakuna kinachosogea, ama kano imenasa ama imeachia. Iliyoachia mgonjwa hukumbuka siku yake: aliteleza, akasikia "tap". Huyo arudi thieta mapema. Iliyonasa ifanyiwe mazoezi, na usifikirie kuinasua kwa kisu kabla ya miezi 6.

*Vidole vinafunguka ila ngumi haifungi.* Umekaza mno, au konzi zimeganda zimenyooka. Sukuma konzi peke yake kifundo kikiwa kimeinuliwa, kisha ukishushe. Kikibadilika ni kano, nayo nyingi hulegea katika miezi ya mwanzo. Isipobadilika ni kiungo, na kosa liko Hatua ya 2.

*Vidole vinafunguka pale tu kifundo kinaposhuka kabisa.* Umelegeza. Mpe muda wa mazoezi hadi miezi 6 baada ya upasuaji. Kama inamkwaza kazini, kukaza upya ni upasuaji mdogo.

*Mkono unakwenda upande wa gumba.* Ulishona kwenye longasi badala ya brevisi, au ulichukua alnarisi. Fungua ripoti yako ya upasuaji uisome kabla hujamlaumu wa fiziotherapia.

*Kifundo kinainuka kiganja kikitazama chini tu.* Miezi ya mwanzo ni kawaida, ndivyo tulivyomfundisha. Anza kumpa vitu vya kushika kiganja kikiwa kimesimama ubavu, kikombe kisicho na kitu kwanza.

*Umefungua na palmarisi haipo.* Hukuweka alama ya kalamu. Chukua fleksa ya juu ya kidole cha pete kwa ajili ya gumba: inavuta umbali mrefu, ina nguvu, na kidole kile kinabaki na fleksa yake ya ndani. Ila kwa kila mgonjwa pima mapema, kabla ya usingizi wa ganzi, kwamba fleksa ya ndani ya kidole hicho inafanya kazi, na uiandike kwenye idhini ya mgonjwa, asije akaamka na mshono kiganjani ambao hakuambiwa.